Sivii ya Mgeni Rasmi Ina Kurasa Tatu, Sasa Emsii Usome Nini?

Kila emsii wa huku kwetu anaijua ile karatasi. Inakuja asubuhi ya shughuli, ama usiku wake kwenye wasapu, juu imeandikwa Wasifu wa Mgeni Rasmi, na ndani ni sifa tupu: mfadhili mkubwa, baba wa yatima, mtu wa watu, jembe, simba. Ukitafuta mahali pameandikwa huyu mtu alifanya nini, lini, wapi, unakuta hakuna, ama kuna mstari mmoja umejificha huko chini kabisa. Na kamati inataka usome yote, na watu waliokaa kwenye viti vya plastiki chini ya tenti wanangoja usome yote, maana hapa Uganda mgeni akitambulishwa kwa maneno mawili tu inaonekana mmemdharau, ataondoka amenuna na bahasha yake mfukoni.

Mimi nashika maiki Bombo na huko kwingine Luweero, kwa Kiswahili na Kinubi, Luganda pale inapobidi. Maulidi, harusi, harambee za shule, mikutano ya mwaka ya sako, vile vyama vya kuweka akiba na kukopa. Leo nataka niongee juu ya sako peke yake kwa sababu ndiyo shughuli ambayo maneno ya emsii yanaweza kumla mtu pesa.

Lakini kwanza tuelewane kitu kimoja, kwamba watu hawajakosea kutaka sifa. Masikio yetu yamelelewa hivo. Nenda kwanjula yoyote ya Buganda, ile sherehe ya bwana kutambulishwa kwa wakwe, uone wale wasemaji wawili, wa upande wa bibi na wa upande wa bwana, wanavyorushiana maneno, kijana mwenye kiduka cha simu anageuzwa kuwa tajiri asiyejua mwisho wa mashamba yake, na ukumbi mzima unacheka unapiga makofi kwa sababu wote wanajua ni mchezo, na familia zilishaongea mambo ya ukweli kabla. Hapo hakuna anayedanganywa. Anayekwenda kwanjula akadai ushahidi wa yale mashamba huyo ana tatizo lake.

Kwenye mkutano wa sako mchezo huo haupo. Watu wamekuja na vitabu vyao vya akiba, wengine wametoka shambani moja kwa moja, na baada ya hotuba ya mgeni wanakwenda kupiga kura: nani awe kwenye bodi, nani awe kamati ya mikopo, hisa zipandishwe ama zibaki. Ukisimama ukasema huyu ni mtu mwaminifu kuliko wote Luweero, mama anayeuza samaki anayakusanya hayo maneno yako na kuyapeleka kwenye karatasi ya kura. Utambulisho hapo umeshakuwa ushahidi, na wewe ni shahidi, ingawa hakuna aliyekuapisha.

Kitu ambacho kimenisaidia sana ni kuona kwamba ile hamu ya watu ina sehemu mbili zimeshikana. Kuna heshima, na kuna habari. Heshima inatoka kwenye sauti yako, kwenye watu kuombwa wasimame, kwenye vigelegele na ngoma, kwenye cheo cha mtu kutajwa sawasawa, kwenye mpangilio wa nani anatangulia na nani anafuata. Habari ni yale unayodai kwamba mtu huyu ni, ama amefanya. Sasa heshima unaweza kuipandisha mpaka juu kabisa, tenti litetemeke, na hujasema uongo hata kidogo, kwa sababu makofi hayadai kitu chochote. Uongo unaingia kwenye habari tu. Maemsii wengi wanafanya kinyume, sauti imelala, anasoma karatasi ameinamisha kichwa, alafu anajaribu kuokoa shughuli kwa kuongeza chumvi kwenye habari. Watu wanaona baridi, wanaona na chumvi pia.

Wacha nieleze sivii moja jinsi ilivyokwenda. Nimebadilisha vitu vichache ili wahusika wasitambulike, lakini kazi yenyewe ilikuwa hivo.

Mgeni alikuwa Hajji mmoja mfanyabiashara wa mahindi, na mwenyewe ni mwanachama wa sako ile ile, na minong'ono ilikuwepo kwamba anataka uenyekiti wa bodi. Katibu akanitumia kurasa tatu. Nikazisoma na kalamu mkononi, na kila dai nikaliuliza maswali matatu: nani aliona? Naweza kumpigia leo? Na kama mtu aliyekaa nyuma kabisa akinyanyua mkono akasema si kweli, nitajibu nini?

Dai la kwanza lilikuwa "Daktari." Nikampigia Hajji mwenyewe, sikumpigia katibu. Hii ni muhimu, kwa sababu sivii karibu zote zinaandikwa na mtu anayetaka kumfurahisha mwenye sivii, na mwenye sivii mara nyingi hajaisoma. Nikamuuliza kwa adabu, Hajji, hii shahada uliisomea ama ulitunukiwa? Akacheka. Akasema alialikwa kwenye sherehe moja hotelini Kampala, wakavalishwa majoho, na kulikuwa na pesa kidogo za kuchangia. Basi. Shahada ya heshima hata ikitoka chuo kikuu cha kweli kabisa, desturi ni kwamba aliyepewa hajiiti daktari huko nje kama aliyekaa akaandika tasnifu. Na kama hujui chuo chenyewe ni cha kweli ama ni banda, hapa Uganda lipo Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo ndilo linavitambua vyuo, na orodha yao unaweza kuiangalia kwenye simu kabla chai haijapoa.

Sasa ukimtoa mtu "Daktari" lazima umpe kitu mahali pake, hapo ndipo wengi wanaogopa. Lakini huyu tayari ni Hajji. Amekwenda Makka kwa pesa yake, watu wa Bombo walimsindikiza na wakampokea, wengine walikula pilau yake siku ile. Cheo hicho kina uzito kuliko udaktari wa hotelini, na hakuna mtu atakayenyanyua mkono. Nilipomwambia Hajji kwamba nitamwita Hajji peke yake akasema ndivyo watu wanavyoniita, mimi hata huyo daktari akiitwa huwa nachelewa kugeuka.

(Nchi hii tulishaifuata hiyo barabara ya vyeo mpaka mwisho wake. Idi Amin alianza jenerali, akafika fildi mashali mwaka 1975, rais wa maisha 1976, na katikati hapo daktari, nishani za kila aina, mshindi wa dola ya Waingereza katika Afrika yote na hasa Uganda, bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wote wa baharini. Sisi hatuna hata bahari. Orodha ikifika hapo msikilizaji anaacha kusikiliza, anangoja tu iishe, na hata kile cheo kimoja cha kweli kilichomo ndani yake kinapotea na vingine.)

Dai la pili: "amesomesha zaidi ya watoto 500." Namba ya duara kama hiyo, tena kubwa, ukiikuta kwenye sivii ujue haikuhesabiwa, ilihisiwa. Nikamuuliza Hajji, akasema hajui, yeye analipa tu wakija na karatasi ya ada. Nikampigia mwalimu mkuu wa shule mojawapo aliyonitajia. Kwa wakati ule kulikuwa na watoto 11 pale ambao ada yao inatoka kwa Hajji kila muhula, wengine tangu darasa la kwanza, na mabati ya jengo la jikoni alinunua yeye baada ya upepo kuyang'oa ya zamani. Kumbe habari ya kweli ndiyo nzuri! Watoto 500 hakuna mtu anayewaona kichwani. Watoto 11 na jiko lililoezuliwa na upepo, pale ukumbini kuna watu waliokuwepo siku hiyo. Kitu kimoja tu niliangalia: sikutaja jina la mtoto yeyote, wala sikutaja shule kwa namna ambayo mtu anaweza kuhesabu ni watoto wa nani, kwa sababu kuna mzazi amekaa pale kwenye kiti na hakuja kuaibishwa.

Dai la tatu ndilo lilikuwa na hatari, na lilionekana dogo. "Mwanzilishi wa sako yetu." Ukilisoma haraka linapita. Lakini sako ni chama cha ushirika, inapoandikishwa kuna watu waliotia sahihi kwenye ile katiba ya mwanzo, na kuna kitabu cha wanachama chenye namba. Nikamuomba mweka hazina afungue kitabu. Hajji hayumo kwenye wale wa kwanza, aliingia mwaka uliofuata. Walioanzisha wengi wao walikuwa kina mama wa sokoni waliokuwa wakichanga kila wiki kabla hata ya kuwa na jina, na watatu wao bado wako hai na huwa wanakaa mstari wa pili upande wa kushoto, karibu na feni.

Hapa ndipo sifa ya uongo inapokuwa na mwenye kulipa. Watoto 500 ni chumvi, inaumiza masikio tu. Lakini ukisema Hajji ndiye mwanzilishi, kuna watu umewanyanyua kutoka kwenye kile kiti cha mwanzilishi, tena mbele ya macho yao, na hawawezi kusema kitu kwa sababu ni wazee na wana adabu na mgeni ameshakaa meza kuu. Watanyamaza. Na kunyamaza kwao ndiko kutakakoandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, mwaka kesho katibu mwingine ataiga sivii ya mwaka huu, na baada ya miaka mitano hakuna atakayejua ilikuwaje. Nimeona vyama ambavyo waanzilishi wake wamebadilika hivo hivo, kwa maiki.

Lakini tena, kama kwenye mabati, chini ya dai la uongo palikuwa na kitu cha kweli. Yule mweka hazina akaniambia, lakini Hajji ndiye aliyetupa stoo. Miaka ya mwanzo sako haikuwa na ofisi, Hajji aliwapa chumba kwenye stoo yake ya mahindi, bila kodi, wanakaa juu ya magunia wanaandika vitabu, mpaka walipopata pa kupanga. Nani hakumbuki lile vumbi la mahindi. Mwanzilishi ni neno, stoo ni mahali ambapo nusu ya ukumbi walishakaa wakapiga chafya.

Dai la nne, "mfanyabiashara namba moja wilayani." Hili sikulihangaikia. Namba moja kwa kipimo gani, nani alipima, wa pili ni nani? Kitu kisichopimika nakitoa na kuweka kinachoonekana: malori yake yanabeba mahindi kupitia Gulu mpaka Elegu, yanavuka kwenda Sudani Kusini. Barabara ya Gulu inapita hapa hapa Bombo, kila mtu ameyaona hayo malori.

Na dai la tano, "mkopaji mwaminifu wa kuigwa." Yule mweka hazina alipolisikia alikaa kimya kidogo alafu akaniambia, hilo ruka. Hakuniambia zaidi na mimi sikuuliza, kwa sababu mkopo wa mwanachama ni siri yake na sako, emsii hana biashara nao. Ila nilishaelewa kwamba hapo sina shahidi. Na hapa wengi huniuliza, sasa si ukweli ungekuwa kusema? Hapana. Kumtambulisha mtu hakukupi kazi ya kumkagua, na kuna mambo mengi ya kweli ambayo hayana nafasi kwenye utambulisho. Unaruhusiwa kunyamaza. Usichoruhusiwa ni kusema kinyume cha kile unachokinyamazia. Kama kuna wasiwasi kwenye mkopo, usitaje mkopo kabisa, wala usizunguke na maneno kama "mtu wa kuaminika kwenye fedha," maana huo ni mlango wa nyuma wa nyumba ile ile.

Kwa hiyo kurasa tatu zikabaki vitu vitatu: Hajji wa watoto 11 na mabati, Hajji wa stoo, Hajji wa malori ya Elegu. Nikaandika, nikajisomea kwa sauti jikoni na saa mkononi. Utambulisho ukizidi dakika moja na nusu hotuba inaanza kuibiwa. Kwa mwendo wangu wa kuongea mbele ya watu, maneno mia na kidogo ni dakika nzima pamoja na vituo. Huu ndio ulikuwa:

"Ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa. Naomba mnisaidie kumpokea mgeni wetu. Wale waliokuwa na sako hii tangu tunakaa juu ya magunia, mnaikumbuka stoo. Tulikaa pale bila kulipa kodi hata shilingi. Mwenye stoo yuko hapa. Kuna watoto 11 muhula huu wameingia darasani kwa ada inayotoka mkononi mwake, haya nimeyapata kwa mwalimu wao mkuu mwenyewe. Na upepo ulipong'oa jiko la shule, mabati mapya aliyaleta yeye. Mkiona malori ya mahindi yanapanda barabara ya Gulu kwenda Elegu, mengine ni ya kwake. Ni mwanachama mwenzetu, na leo ataongea na sisi juu ya bei ya mahindi na akiba zetu. Kabla hajasimama, naomba kina mama watatu waliotia sahihi katiba yetu ya kwanza wasimame walipo tuwaone. Asanteni mama zetu. Na sasa wote tusimame, vigelegele tafadhali, tumpokee Hajji wetu!"

Angalia vitu viwili hapo. Kwanza kina mama. Sikumsahihisha mtu yeyote, sikusema "si kweli kwamba Hajji ni mwanzilishi," ambayo ingekuwa matusi. Nimewapa tu wao kiti chao kabla ya mgeni kupewa chake, na yeyote aliyekuwa amesoma ile sivii iliyozungushwa kwenye wasapu akajua mwenyewe. Pili, jina la mgeni liko mwisho kabisa, hata kama wote wanamuona amekaa pale. Ukianza na jina watu wanapiga makofi mwanzoni, alafu unaendelea kusoma kwenye makofi yanayokufa, unajikuta unaongeza sifa ili yafufuke. Ukiliweka mwisho, kila sentensi inajaza pumzi na zinatoka zote kwa pamoja.

Halafu yale maneno "haya nimeyapata kwa mwalimu wao mkuu." Hayo sikuyaweka kwa bahati. Wengi wetu tumesikia ile hadithi aliyoipokea Abu Bakra, iko kwa Bukhari na Muslim, mtu alimsifu mwenzake mbele ya Mtume, rehma na amani zimshukie, na Mtume akamwambia ole wako, umeikata shingo ya mwenzako, akarudia rudia. Alafu akamfundisha namna: kama hapana budi mmoja wenu kumsifu nduguye, basi aseme namdhania fulani kuwa hivi, na Mwenyezi Mungu ndiye wa kumhesabu, nami simtakasi mtu mbele ya Mwenyezi Mungu, aseme hivyo kama kweli anamjua kuwa hivyo. Masheikh huwa wanaitoa kwenye darsa za adabu ya ulimi na watu wanatikisa vichwa, alafu jioni yake unawakuta harusini wanamtakasa bwana harusi mpaka malaika wanaona wivu. Lakini ukiisoma kama emsii, ile ni kanuni ya kazi kabisa: sema unachokijua, sema umekijuaje, na usitoe hukumu ya moyo wa mtu. "Analipa ada ya watoto 11" nakijua. "Ana moyo wa dhahabu" sikijui, sijafunguliwa kifua chake.

Na wasije watu wakasema huu ni uzungu ama ubahili wa sifa. Wahima wa Ankole wana ebyevugo, mtu anasimama na mkuki anajisifu kwa kasi bila kupumua, hakuna sifa kali kama zile. Lakini sikiliza kilichomo: jina la sifa, alafu kitendo, alafu mahali, alafu aliokuwa nao. Nilipopigana pale, nilipowarudisha ng'ombe kule. Anajisifu mbele ya watu waliokuwa vitani naye. Wazee wetu walipenda sifa kubwa zenye mashahidi, sisi ndio tumechukua ukubwa tukaacha mashahidi.

Sasa mambo hayaendi kila siku kama karatasi inavyotaka. Siku ile ile, nimesimama nimeshika maiki, kikaratasi kikaja kutoka meza kuu. Kimeandikwa kwa haraka: "mwite Dr, sema na mwanzilishi." Kila emsii anavijua hivi vikaratasi. Huwezi kukipuuza, mwenyekiti anakuangalia. Huwezi kukisoma, umeshawapigia watu simu. Mimi hapo nina njia moja na haijawahi kunitupa sana: nampa maiki aliyeandika. Nikasema, "mwenyekiti ana neno la ziada juu ya mgeni wetu na angependa kulisema mwenyewe, karibu mwenyekiti." Mwenyekiti akasimama. Mtu akiwa na kalamu ni simba, akiwa na maiki na wale kina mama watatu wanamuangalia wametulia, anakuwa binadamu. Alisema Hajji ni kaka yetu na tunamshukuru sana kwa stoo. Akakaa.

Kuna wakati hiyo njia haifanyi kazi na mwenye maiki anamwaga yote, daktari, mwanzilishi, simba. Sawa. Ni maneno yake, yana jina lake na uso wake, na watu wanajua anataka nini. Hiyo ni tofauti kubwa na maneno yale yale yakitoka kwa emsii, ambaye watu wanadhani hana upande.

Utajuaje kwamba utambulisho umepita mpaka? Usiangalie makofi, makofi watu wanatoa kwa adabu. Angalia mstari wa nyuma. Kuna ile "eeeeh" ndefu inayopanda juu mwishoni, hiyo si furaha. Kuna wanawake wawili kugeukiana bila kusema kitu. Kuna vijana kutoa simu. Na ishara kubwa kuliko zote ni mgeni mwenyewe akishika maiki anaanza kwa kupunguza: jamani emsii ameniongezea, mimi si hivo alivyosema. Watu wanacheka, lakini dakika zake za kwanza, zile ambazo kila mtu bado anasikiliza, amezimaliza kushuka kutoka mahali ulipomuweka. Wengine hawashuki, hao ni wabaya zaidi, wanaanza kuongea kama yule mtu wa kwenye sivii, mbele ya watu wanaomjua yule mwingine.

Kwa wale wanaoniuliza kuhusu hela: ndiyo, kuna kamati hazikurudi. Nikishakubali kazi ya sako ama harambee huwa nawatumia maandishi ya utambulisho jioni ya kabla, na nawaambia wazi kwamba hayo ndiyo nitakayosema, na kama wanataka zaidi watafute mtu wa kusema zaidi na nitamuachia dakika mbili kwenye ratiba. Wengi wanakubali kwa sababu mwisho wa yote wanachotaka ni mgeni afurahi, na mgeni hufurahi. Kwenye mikutano ya kampeni siendi kabisa, pale emsii amenunuliwa kwa sifa na kila mtu uwanjani anajua bei, sioni wa kumsaidia. Mazishi nayo ni habari nyingine, maiti hagombei kiti, ingawa hata pale nimeona wajane wawili wakitazamana wakati emsii anasema marehemu alikuwa mume wa mfano.

Hajji aliposimama hakupunguza kitu. Aliwasalimu kina mama watatu kwa majina, akauliza kama kuna anayekumbuka siku ile panya alipokula ukurasa wa kitabu cha hisa, watu wakavunjika mbavu, alafu akaingia moja kwa moja kwenye bei ya mahindi na kwa nini wakulima wauze kwa pamoja. Juu ya mkopo wake hakusema kitu, na ripoti ya mikopo ilisomwa kama kawaida, jumla tu bila majina. Uenyekiti aliugombea. Aliukosa kwa kura chache, akachaguliwa kamati ya elimu, na nasikia ofisi sasa wanatafuta mahali pengine kwa sababu kodi imepanda na kuna mtu ameshataja ile stoo.